Kutafuta neno moja ndani ya masaa 200 ya sauti

Tuanze na hesabu. Kama uko na masaa 200 ya sauti za wazee, na kila siku unasikiliza masaa 8, utamaliza siku ya 25. Halafu mwalimu anayesimamia TFC yako anakuuliza swali lingine, nawe unarudi kwenye siku ya kwanza. Sauti haina ukurasa. Huwezi kuipitia haraka kwa macho kama kitabu, na hakuna kinachokuonyesha mahali ulipo paka masikio. Ndiyo maana rekodi nyingi zinakusanywa kwa taabu, kisha zinalala kwenye diski na kwenye telefone za watu.

Njia ya kutoka hapo ni kuandika yale yanayosemwa, na pembeni ya kila kipande cha maneno kuweka saa: kimeanza dakika gani, kimeisha dakika gani. Baada ya hapo hutafuti tena ndani ya sauti. Unatafuta ndani ya maandishi, nayo yanakupeleka kwenye sekunde ile ambayo mzee alisema neno. Njia hii inaonekana rahisi, na kweli ni rahisi. Lakini iko na mtego mmoja ambao unaweza kuharibu kazi nzima: kompyuta inatafuta herufi, haitafuti maana. Neno likiandikwa namna nyingine, kwa kompyuta mzee yule hakulisema.

Tuchukue mfano wa kwetu. Lokandu, hapa kwenye mto Lualaba, katika maandishi ya karne ya 19 inaitwa Riba-Riba. Ilikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na ni katika eneo hilo Arthur Hodister aliuawa mwaka 1892, wakati vita kati ya Dola la Leopold na Waarabu vinaanza. Sasa tuseme mwanafunzi yuko na rekodi 120 za wazee, jumla masaa 200, naye anataka kujua ni mahali gani wazee wametaja jina hilo la zamani. Rekodi hizi ni za mfano tu, lakini jina ni la kweli, na shida zake ni zile zile utakazokutana nazo kwenye rekodi zako.

Maandishi yake yanakaa namna gani

Namna inayotumika sana ni faili ya `.srt`, ile ile inayotumika kuweka maandishi chini ya filamu. Unaweza kuifungua na programu yoyote ya kuandikia. Kila kipande kiko na namba, mstari wa saa, na maneno:

```
212
00:41:17,300 --> 00:41:24,900
Wazee walisema hapa zamani njo Liba-Liba.
```

Mstari wa katikati unasema: maneno haya yanaanza dakika ya 41 na sekunde 17, yanaisha sekunde 24 na kitu. Faili ya maandishi inabeba jina lile lile la faili ya sauti. Sauti ikiwa `lok-014.mp3`, maandishi ni `lok-014.srt`. Jambo hili ni dogo, lakini njo linashikilia kila kitu, kwa sababu ndani ya maandishi hakuna kitu kingine kinachosema ni sauti gani. Mtu akibadilisha jina la moja na kuacha la pili, uzi umekatika.

Alama za saa ziwekwe kila baada ya muda gani? Hapo unachagua kulingana na nguvu uliyo nayo. Mtu mwenye mazoezi anahitaji kama masaa 4 mpaka 6 kuandika saa moja ya mazungumzo, na zaidi kama watu wanaongea pamoja ao sauti ni mbaya. Kwa masaa 200, hiyo ni masaa 800 mpaka 1200 ya kazi. Watu wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, ambao wanatunza rekodi nyingi za historia ya mdomo, walitengeneza programu inayoitwa OHMS. Ndani yake maandishi yanapewa alama kila dakika moja tu, na mtu anaweza pia kuacha maandishi kamili na kutengeneza orodha ya mada, kila mada na saa yake. Dakika moja inatosha: ukibonyeza neno, unasikiliza si zaidi ya sekunde 60 hivi kabla ya kulipata. Vipande vya sekunde 5 mpaka 10 ni vizuri zaidi, lakini vinakula kazi nyingi zaidi.

Kama nguvu ni kidogo, orodha ya mada kwa rekodi zote 120 inafaa kuliko maandishi kamili ya rekodi 15. Lakini ujue kilichopotea: kwenye orodha ya mada utapata paka maneno ya yule aliyeandika orodha. Mzee akitaja Riba-Riba mara moja akipita, wakati anazungumzia ndoa ya dada yake, mwandishi ataandika "ndoa", na Riba-Riba haitaonekana.

Kutafuta

Tuseme maandishi kamili yapo, yote ndani ya folda moja. Kwenye kompyuta ya Linux unaandika amri hii:

```
grep -iE -B1 "[rl]iba[- ]?[rl]iba" *.srt
```

Usiogope hizo alama. `-i` inasema herufi kubwa na ndogo ni sawa. `-B1` inasema nionyeshe pia mstari mmoja wa juu, kwa sababu saa imeandikwa juu ya maneno. Kama vipande vyako viko na mistari miwili ya maneno, weka `-B2`. `[rl]` maana yake r ao l, moja kati ya hizo mbili. `[- ]?` maana yake katikati kunaweza kuwa na kistari, ao nafasi, ao bila kitu. Kwenye Windows, programu ya bure ya Notepad++ inafanya kazi hiyo hiyo: unachagua `Find in Files`, unaweka alama kwenye `Regular expression`, na unaandika yale yaliyo kati ya alama za kunukuu. Tofauti ni kwamba itakuonyesha mstari wa maneno tu. Ukibonyeza mara mbili faili inafunguka, na saa unaiona hapo juu.

Jibu la `grep` litakuja hivi:

```
lok-014.srt-00:41:17,300 --> 00:41:24,900
lok-014.srt:Wazee walisema hapa zamani njo Liba-Liba.
--
lok-052.srt-01:08:40,000 --> 01:08:46,200
lok-052.srt:Baba alizaliwa Ribariba, mbele ya vita.
```

Angalia vizuri. Kama mwanafunzi angeandika "Riba-Riba" jinsi alivyoiona kwenye kitabu, asingepata hata moja kati ya hizi mbili. Wa kwanza alisema l, na mwandishi akafuata sikio lake. Wa pili aliandikiwa na mtu mwingine aliyeunganisha jina. Wote wawili wameandika bila kosa. Hakuna aliyewaambia mapema jina linaandikwaje. Na jibu la "hakuna kitu" lingemfanya aandike kwenye TFC kwamba wazee wamesahau jina la zamani. Wazee hawakusahau. Ni herufi moja.

Basi juu ya nini tusitafute kipande kifupi tu, `[rl]iba`, ili tupate yote? Jaribu uone. Itakuletea "alibaki", "alibadilisha", "walibarikiwa", kwa sababu ndani ya kila moja kuna herufi l-i-b-a. Itakuletea pia riba ya deni. Kwa masaa 200 ya Kiswahili, utapata mamia ya mistari isiyo na maana, na ile michache unayoitaka itazama ndani yake. Kiswahili kinajenga neno kwa kuunganisha vipande mbele na nyuma ya mzizi, kwa hiyo ukitafuta kifupi sana unapata takataka, na ukitafuta kirefu sana unakosa mengi. Kazi yote ya kutafuta iko katikati ya hayo mawili.

Mfano wa pili unaonyesha zaidi. Maniema ni nchi ya mpunga, na tuseme mwanafunzi mwingine anatafuta habari za mchele kwenye rekodi hizo hizo. Kiswahili kiko na majina matatu: mpunga ukiwa shambani, mchele ukishatwangwa, wali ukishaiva. Na kwetu watu husema mupunga na muchele. Basi anaandika hivi:

```
grep -iE -B1 "mu?punga|mu?chele|\bwali\b" *.srt
```

Ile `u?` inakubali u iwepo ao isiwepo. Mstari wa kusimama ni "ao". Na `\b` kwenye pande mbili za "wali" inasema: nataka neno zima, peke yake. Toa hizo alama uone jinsi "walisema", "walikuja", "walilima" na "waliona" zinavyojaza kioo. Lakini usiweke `\b` mbele ya mpunga, kwa sababu hapo unaweza kumpoteza aliyeandika "yamupunga" kwa kuunganisha. Kila neno unaliamulia peke yake. Na hapo bado hujamkuta mzee aliyetumia neno la Kifaransa kwa mchele, ambalo mmoja ataliandika kwa Kifaransa na mwingine ataliandika "ri". Hayo mawili nayo yaingie kwenye orodha, na yote mawili ni neno zima, la sivyo "ri" italeta nusu ya lugha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hawalioni. `grep` inasoma mstari mmoja kwa wakati. Kama mzee alisema "Riba" mwisho wa kipande kimoja na "Riba" ya pili ikaanguka kwenye kipande kinachofuata, amri yetu ya kwanza haitamwona. Kwa hiyo pitia mara ya pili ukitafuta neno zima, `\b[rl]iba\b`. Utapata na riba ya madeni, lakini chache tu, na hizo unazitoa kwa macho.

Kutoka kwenye mstari kwenda kwenye sauti

Ukishapata mstari, kazi haijaisha. Mstari ni kidole kinachoonyesha. Ushahidi ni sauti. Unarudi nyuma kidogo, sekunde 15 hivi, ili usikie swali lililoulizwa na mwanzo wa sentensi. Unaweza kukata kipande hicho bila kugusa faili kubwa:

```
ffmpeg -ss 00:41:02 -i lok-014.mp3 -t 40 -c copy kipande.mp3
```

Maana yake: anza dakika ya 41 na sekunde 2, chukua sekunde 40, weka kwenye faili mpya. Sasa unasikiliza. Labda mzee anasema "hapa njo Liba-Liba". Labda anasema "wazungu waliita hivyo, sisi hapana". Maandishi ya mstari mmoja hayakuonyeshi tofauti hiyo kila mara, na historia yote iko kwenye tofauti hiyo.

Na kama unafika kwenye sekunde ile na husikii neno? Usifute mstari mara moja. Angalia kwanza kama saa imehama. Fungua faili, chukua kipande kimoja cha mwanzo na kimoja cha mwisho, upime kila mahali tofauti kati ya saa iliyoandikwa na saa unayosikia. Kama tofauti ni ile ile, kwa mfano sekunde 12 mwanzo na sekunde 12 mwisho, mtu alikata mwanzo wa rekodi baada ya maandishi kufanywa. Ongeza ao toa sekunde 12 kila mahali na shida imekwisha. Kama tofauti inakua, sekunde 1 mwanzo na sekunde 40 mwisho, basi shida iko kwenye sauti yenyewe. Mara nyingi ni faili ya `mp3` ambayo kasi yake ya data inabadilika-badilika, na programu ya kusikilizia inakadiria tu mahali pa kuruka. Kuiandika upya kwa kasi isiyobadilika, ao kuifanya `wav`, mara nyingi kunarudisha saa mahali pake. Ndiyo maana inafaa kuweka sauti ya asili pembeni, isiyoguswa na mtu, na maandishi yote yafanywe juu ya hiyo hiyo.

Lugha gani imeandikwa?

Kabla ya kuamini maandishi yoyote, uliza: haya ni maneno ya msemaji, ao ni ya mkalimani? Kesi ya Thomas Lubanga kwenye korti ya CPI kule Uholanzi ilianza Januari 2009, hukumu ikatoka Machi 2012. Mashahidi kutoka Ituri walisema Kiswahili cha Kongo, na korti ilibidi ipate wakalimani wa Kiswahili hicho. Lakini kumbukumbu zilizoandikwa ni za Kifaransa na Kiingereza, lugha za kazi za korti. Mtafiti akitafuta neno la Kiswahili ndani ya kumbukumbu hizo, ataona kama shahidi hakulisema kamwe. Alilisema. Liko kwenye sauti, halipo kwenye maandishi. Atalazimika kukisia mkalimani alitumia neno gani, kutafuta hilo, halafu kurudi kwenye sauti kusikia neno lenyewe. Vilevile kwetu: rekodi ikifanywa kwa Kilega ao Kikusu na kuandikwa kwa Kifaransa, unatafuta Kifaransa cha mwandishi.

Na kompyuta ikiandika yenyewe? Kazi ya karibu nasi ilifanyika Kampala, ambapo ofisi ya UN Global Pulse, pamoja na Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini, walitengeneza mfumo wa kusikiliza matangazo ya redio za Uganda kwa Luganda, Acholi na Kiingereza cha Uganda. Watu wanapiga simu redioni kusema juu ya magonjwa, njaa, huduma za afya. Hakuna anayeweza kusikiliza redio zote. Mfumo ulitambua maneno yaliyowekwa kwenye orodha na kuonyesha vipande vya sauti vinavyofaa kusikilizwa. Lakini mwisho wa njia walikaa watu, wanaojua lugha, wakisikiliza na kuamua kama kipande kinasema kweli jambo lile. Haikuwa mapambo. Katika lugha zenye rekodi chache za kufundishia, mashine inakosea maneno mengi, na majina ya mahali ndiyo inayokosea sana kwa kuwa haijawahi kuyasikia. Jina kama Riba-Riba njo la kwanza kupotea.

Utajuaje umekosa kiasi gani?

Ulichokipata unakiona. Ulichokikosa hukioni, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Iko njia ya kukipima kwa siku moja. Piga kura kati ya rekodi zote 120, chukua 6, na kwa kila moja chagua dakika 10 bila kuangalia maandishi. Zisikilize kwa masikio, na biki mkononi, uandike kila mara unaposikia neno lako na saa yake. Halafu fanya utafutaji kwenye dakika hizo hizo na ulinganishe.

Tuseme umesikia "mpunga" na ndugu zake mara 12, utafutaji umeleta 9. Umepata robo tatu. Sasa fuata zile 3 zilizokosekana, moja moja. Moja iliandikwa "mponga". Moja mwandishi alishindwa kusikia akaweka nukta tatu. Moja mzee alisema jina la aina ya mpunga, bila kusema mpunga. Ya kwanza unaiongeza kwenye amri yako. Ya tatu inakufundisha neno jipya la kutafuta kwenye masaa yote 200, na mara nyingi hilo njo faida kubwa ya siku nzima. Ya pili haina dawa kwenye maandishi, lakini unaweza kutafuta nukta tatu zenyewe na kurudi kusikiliza mahali hapo, ukiwa sasa unajua unatafuta nini. Kama neno lako ni la nadra kama Riba-Riba, huenda usilisikie kabisa kwenye dakika hizo. Basi chagua rekodi za wazee ambao unajua walihojiwa juu ya historia ya mji, na upime hapo.

Baada ya kipimo, andika kwenye TFC yako mambo manne: masaa mangapi yalikuwa na maandishi kamili, nani aliyaandika na kwa lugha gani, maneno yote uliyoyatafuta pamoja na namna zake za kuandikwa, na kipimo chako kilileta ngapi kwa ngapi. Ukifanya hivyo, sentensi "wazee 2 kati ya 120 wametaja jina la Riba-Riba" inakuwa kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukihakikisha, faili kwa faili, sekunde kwa sekunde. Na yule atakayekuja nyuma yako na namna ya tatu ya kuliandika jina hilo ataweza kumwongeza mzee wa tatu.